Makala naihangaikia, barua haifunguliwi: kichwa na kionjo mnaviandikaje?

#1 MwanaKuku
Wakuu, salaam. Nina blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji na watu kama 400 waliojiandikisha kupata barua pepe. Nikichapisha makala, mfumo unachukua kichwa chake, unatanguliza "Makala Mpya:" na kuwatumia wote papo hapo. Ya mwisho ilitoka hivi:

*Makala Mpya: Umuhimu wa Chanjo ya Kideri kwa Kuku wa Kienyeji – Mwongozo Kamili kwa Mfugaji*

Waliofungua hawafiki robo. Ajabu ni kwamba kiungo kilekile nikikitupa kwenye grupu la WhatsApp, watu wanasoma na maswali wanauliza. Sasa niambieni, ubovu uko kwenye kichwa cha barua au Waswahili hatusomi barua pepe?

#2 Sultani wa Mabibo
Nimewahi siti ya mbele. Jibu langu: barua pepe tulifungua ili simu ikubali kuwaka. Wengine nywila tulishaisahau.

#3 Kitonga
Mkuu, kuna maneno yanapeleka barua moja kwa moja kwenye taka. "Bure", "ofa", "pesa", alama za mshangao, herufi kubwa tupu. Nadhani hata "mpya" limo. Ondoa hilo "Makala Mpya" uone maajabu.

#4 Fundi Barua
Ondoa, lakini si kwa sababu anayoisema #3.

Wasomaji wako wengi wako kwenye simu, na simu huonyesha kama herufi 35 hadi 40 za kichwa kabla ya kukikata. Inategemea upana wa kioo na ukubwa wa maandishi aliouweka mwenye simu. Hesabu herufi 35 kwenye kichwa chako, na nafasi kati ya maneno uzihesabu pia. Inabaki hivi:

*Makala Mpya: Umuhimu wa Chanjo ya K…*

Neno lililobeba habari yote ni kideri, na msomaji kaona K. Hajui kama ni kideri, kipindupindu au kichaa cha mbwa. Herufi 13 za mwanzo umezitumia kumwambia kuwa ni makala na ni mpya, jambo analolijua kwa kuwa barua imeingia sasa hivi. Nyingine kumi na moja umempa "Umuhimu wa", na hakuna mfugaji anayelala akiwaza umuhimu.

Swali langu kwako: fungua sanduku la barua kwenye simu, usiifungue barua yenyewe. Chini ya kichwa kuna mstari wa maandishi hafifu. Wako umeandikwa nini?

#5 MwanaKuku
Dah. Umeandikwa "Je, huoni barua hii vizuri? Ifungue kwenye kivinjari."

#6 Sultani wa Mabibo
😂😂 Kwa hiyo mgeni anabisha hodi, mwenye nyumba anamwambia "kama hunioni, pitia dirishani".

#7 Fundi Barua
Hapo ndipo wengi wanapopoteza nafasi ya bure. Programu ya barua, kama hukuipa maandishi ya kuonyesha, inachota maneno ya kwanza inayokutana nayo ndani ya barua. Kwenye violezo vingi maneno hayo ni hilo la kivinjari, au maelezo ya picha ya nembo. Mimi mstari huo nauita kionjo, wengine wana majina yao.

Mifumo mingi ya kutumia barua ina kisanduku chake, chini ya kile cha kichwa. Kijaze. Kama unaunda barua mwenyewe, weka hiki mara baada ya `<body>`:

```html
<div style="display:none;max-height:0;overflow:hidden;">
Chupa ikishafunguliwa, muda wako ni mfupi.
&#847;&zwnj;&nbsp;&#847;&zwnj;&nbsp;&#847;&zwnj;&nbsp;
</div>
```

Msomaji akifungua barua haoni kitu, lakini orodha ya barua inakisoma. Hizo alama za mwisho ni herufi zisizoonekana. Unazirudia mara nyingi, makumi kadhaa, ili zijaze nafasi iliyobaki. Usipoziweka na kionjo kikawa kifupi, programu inaendelea kuchota na yale ya kivinjari yanarudi kwa mkia.

Na kionjo kisirudie kichwa. Kichwa kikisema jambo, kionjo kiseme linalofuata.

#8 Mpemba Asilia
Assalaam alaykum. Mie naona mnahangaika na herufi wakati mtu haanzi kusoma huko. Katika simu jina la mtumaji ndo liko juu, limekoza. Mwenzetu barua zake zinatoka kwa jina gani?

#9 MwanaKuku
Wa alaykum salaam. Zinatoka kwa "Admin".

#10 Mpemba Asilia
Basi sheikh wangu ushapata jibu lako. Admin ni nani? Weka jina la mtu na la blogu, kwa mfano "Rehema wa Kuku Kienyeji", kisha usilibadilishe tena. Mie kuna mtu mmoja barua zake hazina hata kichwa cha maana, yeye huandika "Leo" basi. Nafungua zote. Namfungua yeye, simfungui kichwa.

#11 Njoro_Nakuru
Mpemba amesema ukweli nusu. Huyo mtu wako unamjua tayari. Hapa MwanaKuku ana watu waliojiandikisha siku moja wakitafuta dawa ya kuku na wakasahau. Kwa hao jina peke yake halitoshi, kichwa ndicho kitawakumbusha walitafuta nini.

Mimi hutuma maswali ya marudio ya hisabati kwa wazazi wa Gredi ya Sita. Kuna wakati niliweka "Re:" mbele ya kichwa, ionekane kama tunajibizana. Zilifunguliwa kama njugu! Jaribu hiyo ndugu yangu.

#12 Fundi Barua
#11 usimfundishe mwenzio hilo. Google na Yahoo tangu Februari 2024 wamekaza masharti kwa watumaji wa barua nyingi, na moja ni kwamba malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Sharti zito zaidi ni la wanaotuma 5,000 na kuendelea kwa siku, lakini hicho kipimo cha malalamiko kinamgusa kila mtu. Kwa orodha ya watu 400, wawili tu wakibofya "Ripoti taka" una nusu asilimia. Na mtu aliyefungua "Re:" akidhani mwalimu wa mwanawe kamjibu, akakuta tangazo, kidole kinakwenda wapi?

Marekani sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 inakataza kabisa kichwa kinachodanganya juu ya kilichomo. Sisi huku haitubani moja kwa moja, ila mifumo tunayotumia mingi ni ya kwao na wanakufungia akaunti kwa masharti yao.

#13 Njoro_Nakuru
Sikusema ni ya kila siku bwana. Hata hivyo niliiacha, kuna mzazi mmoja alinijibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

#14 Kitonga
Bado mimi nasimamia hoja ya maneno ya taka. Nimesoma sehemu nyingi.

#15 Fundi Barua
Ilikuwa na ukweli zaidi zamani, vichujio vilipokuwa vinahesabu maneno. Leo kinachotangulia ni sifa ya anwani na kikoa unachotumia: je, barua zako zina uthibitisho wa SPF, DKIM na DMARC kwamba kweli zimetoka kwako, watu wanakufungua, wanakujibu, wanakuripoti? Mwenye sifa nzuri akiandika "bure" inapita. Mwenye sifa mbovu akiandika shairi litaangukia takani. Ila upo sahihi kwamba herufi kubwa tupu na mishangao mitatu vinaharibu, kwa sababu msomaji mwenyewe anaviona ni vya tapeli.

#16 Mama Vifaranga
Habari zenu wapendwa. Nimeona mnaongelea kideri. Kuku wangu wanne wamezubaa tangu jana, kinyesi cha kijani, mmoja shingo imepinda. Hiyo chanjo naipata wapi haraka?

#17 Sultani wa Mabibo
Mama, humu tunachanja barua pepe 😅

#18 MwanaKuku
Sultani acha. Pole sana mama. Dalili hizo zinafanana na kideri kweli, ingawa kuna magonjwa mengine yanayofanana, muone mtaalamu wa mifugo wa kata leo hii. Waliokwishaugua chanjo haiwatibu. Watenge, na usiuze wala kugawa kuku kutoka banda hilo. Wakipita hao ndio uanze ratiba: tone moja jichoni kwa kila kuku, wakubwa kwa wadogo, na urudie kila baada ya miezi mitatu hivi.

#19 Mama Vifaranga
Asante mwanangu. Kumbe tone moja jichoni tu? Mimi nilidhani ni sindano ndio maana nilikuwa naogopa.

#20 Binti wa Pangani
MwanaKuku, soma #19 tena taratibu. Kichwa cha barua yako ndicho hicho.

Umemwandikia mtu "umuhimu". Mama hana shida na umuhimu, kuku wanakufa anawaona. Kinachomzuia ni kudhani chanjo ni kazi ngumu ya sindano. Ningeandika:

*Kideri: tone moja jichoni, kila miezi 3*

Zipo herufi 39. Hata simu ikikata mwishoni, "Kideri: tone moja jichoni" limeshapita salama. Kionjo: *Chupa ikishafunguliwa, muda wako ni mfupi. Panga na jirani kabla ya kuinunua.*

#21 Kitonga
Lakini dada hapo umeshampa jibu lote. Anafungua afuate nini? Kichwa lazima kifiche. Mimi ningeweka:

*Kosa moja linaloua kuku wako wote*

Hapo nani anapita bila kufungua?

#22 Njoro_Nakuru
Kitonga wewe ndiwe uliyesema tuogope taka, sasa unaleta vichwa vya magazeti ya udaku 😂

#23 Kitonga
Udaku unauza ndugu yangu. Magazeti ya habari nzito tupu hayauzi.

#24 Mpemba Asilia
Mie hapa nipo na Kitonga kidogo. Kuna kuficha na kuna kudanganya. Ukificha jambo ambalo kweli limo ndani, si vibaya.

#25 MwanaKuku
Jamani msigombane. Ile barua niliwatumia wote kama mia nne, lakini mfumo wangu unaruhusu kugawa orodha nusu kwa nusu kwa bahati nasibu. Ijumaa naituma upya makala hiyohiyo ikiwa imeongezwa picha za hatua za kuchanja, nikieleza wazi kuwa imeboreshwa. Nusu cha Binti, nusu cha Kitonga. Barua ya ndani ni moja, kionjo kimoja, saa moja. Jina la mtumaji nimeshabadilisha kwa wote.

#26 Sultani wa Mabibo
Mechi ya Ijumaa hiyo. Naweka soda kwa Kitonga.

#27 Mbeba Boksi
Wakuu salaam kutoka Minnesota. Kabla ya Ijumaa angalizo moja. Takwimu za "waliofungua" usiziamini zote. Zinahesabiwa kwa kapicha kadogo kasikoonekana ndani ya barua: picha ikipakuliwa, umehesabiwa umefungua. Tangu Septemba 2021, ilipotoka iOS 15, Apple wanaipakua picha hiyo wenyewe kwenye seva zao hata kama mimi barua sijaigusa. Sisi wenye iPhone wote tunaonekana wasomaji hodari.

#28 Fundi Barua
Sahihi, na marekebisho madogo: si wenye iPhone wote. Ni wanaosoma kwa programu ya Mail ya Apple yenyewe na wakakubali ulinzi huo walipoulizwa, anwani iwe ya Gmail au ya kwingine. Mwenye iPhone anayetumia programu ya Gmail hayumo.

#29 Kitonga
Si hata Gmail wanapitisha picha kwenye seva zao? Basi takwimu zote ni feki, tusijadili.

#30 Fundi Barua
Wanapitisha, tangu 2013, lakini kwa kawaida wanaichota mtu anapofungua. Kwa hiyo unapoteza kujua yuko wapi, ila kufungua kunahesabika. Upande wa pili kuna aliyefungua na hajahesabiwa: kazima picha ili kuokoa bando, au barua ni nzito. Gmail hukata barua ikizidi kama kilobaiti 102 za maandishi na msimbo, na ile picha ya kuhesabia ikiwa chini kabisa inakatwa pamoja na mkia.

Kwa MwanaKuku, wafugaji wa Android ndio wengi, kelele ya Apple itakuwa ndogo na itagawanyika pande zote mbili kwa sawa. Linganisha tu, usiamini asilimia yenyewe. Na usiache kutazama mibofyo.

#31 Njoro_Nakuru
Nyinyi mnasahau saa. MwanaKuku anasema mfumo unatuma papo hapo akichapisha. Anachapisha saa ngapi?

#32 MwanaKuku
Usiku, watoto wakishalala. Saa tano, saa sita.

#33 Njoro_Nakuru
Si hiyo hapo! Mpaka asubuhi barua yako imefunikwa na jumbe za benki, za mikopo na za mitandao. Kichwa hakina kosa. Tuma wakati mtu ameshika simu bila kazi.

#34 Binti wa Pangani
Na huyo mfugaji anayeshika simu bila kazi anapatikana saa ngapi? Alfajiri yuko bandani, jioni yuko bandani.

#35 Njoro_Nakuru
Saa saba mchana, jua likiwa kali. Wangu wa hisabati hufungua jioni baada ya chakula, lakini hao ni wazazi wa mjini.

*(Jumamosi)*

#36 MwanaKuku
Wakuu matokeo haya hapa. Zilitoka jana saa saba mchana, watu 200 kila upande.

"Kideri: tone moja jichoni, kila miezi 3": walifungua 58, wakabofya kwenda kwenye makala 31.

"Kosa moja linaloua kuku wako wote": walifungua 66, wakabofya 14.

#37 Kitonga
66 kwa 58! Sultani soda yako imezaa. Nilisema mimi.

#38 Sultani wa Mabibo
Naomba ya tangawizi.

#39 Hesabu Kali
Nimekuwa msomaji tu wa uzi huu, ila hapa naingia. Kitonga usinywe bado.

Chukua orodha hiyohiyo, igawe nusu kwa bahati nasibu, pande zote utume barua moja ileile, kichwa kilekile. Hutapata 62 kwa 62. Kwa watu 200 kila upande na thuluthi hivi wanafungua, tofauti ya watu 9 kwenda juu au chini inatokea yenyewe mara kwa mara, bila sababu. Ili nianze kuamini kwamba kichwa kimefanya kazi ningetaka tofauti ya watu 18 au zaidi. Yako ni ya 8. Haijasema kitu.

Sasa tazama mibofyo: 31 dhidi ya 14. Kwa idadi ndogo hiyo kutikisika kwa kawaida ni kama watu 6, na ili niamini ningetaka 12 au 13. Hapa kuna 17. Hii siyo ya bahati kirahisi.

Kwa hiyo kwa ushahidi uliopo, kwenye kufungua wametoka sare, kwenye kubofya Binti ameshinda.

#40 Kitonga
Ila kichwa kazi yake ni kufunguliwa. Kubofya ni kazi ya barua ya ndani, na barua ya ndani ilikuwa moja. Hilo huwezi kunihukumu nalo.

#41 Binti wa Pangani
Barua ilikuwa moja, waliofika ndani hawakuwa wamoja. Wako walikuja kutafuta kosa gani limewaua kuku, wakakuta maelezo ya chanjo wakatoka. Wangu walikuja wakijua wanachofuata.

#42 Mpemba Asilia
Hiyo dhana tu bibie. Huenda walioona "kosa moja" walisoma aya ya mwanzo, wakaona ni kutochanja, wakasema "hilo tu?" wakafunga. Wamepata jibu, hawakuhitaji kubofya. Hawakuchukia.

#43 Mbeba Boksi
Au kionjo kiliwagonganisha. Kichwa cha Kitonga kinatisha, kionjo kinasema chupa ikifunguliwa muda ni mfupi. Chupa gani? Kionjo kilitungwa kwa ajili ya kichwa cha Binti, kwa hiyo upande mmoja ulicheza na jozi isiyolingana. Mngetaka haki, kila kichwa kingekuja na kionjo chake.

#44 Hesabu Kali
#43 umegonga penyewe. Ingawa hapo tungekuwa tumebadilisha vitu viwili kwa pamoja, na tusingejua kipi kimefanya kazi.

#45 Kitonga
Sawa. Tukirudia na kionjo changu?

#46 Hesabu Kali
Kwa kufungua, hutapata jibu haraka. Ukitaka kutofautisha asilimia 30 na 35 kwa uhakika wa kueleweka, unahitaji watu kama 1,400 kila upande. MwanaKuku ana 400 jumla. Kwa orodha ndogo ningefanya hivi: usishindanishe sentensi mbili, shindanisha mitindo miwili. Kila makala mpya, nusu kichwa kinachotaja kitu waziwazi, nusu kinachoficha, halafu jumlisha barua zote za miezi kadhaa. Na pande uzichanganye upya kila mara, si watu walewale.

#47 Fundi Barua
Naunga mkono, kwa tahadhari moja ya mibofyo. Baadhi ya ofisi zina mitambo ya usalama inayobofya viungo vyote kabla barua haijamfikia mtu. Ukiona mibofyo imeingia sekunde chache baada ya kutuma, na kila kiungo kimebofywa hadi cha kujiondoa, huyo si mtu. Kwa wafugaji haitakuwa tatizo kubwa, lakini chungulia.

#48 MwanaKuku
Nimechungulia, imesambaa mchana mzima hadi usiku. Naona ni watu.

Na swali jingine, nimejaribu kumtaja mtu kwa jina kwenye kichwa. Kwenye jaribio nililojitumia ilikuja "Habari , kideri…" yenye pengo. Inakuwaje?

#49 Fundi Barua
Umetumia alama ya jina, `*|FNAME|*`, na anwani uliyojitumia haikujazwa jina, kwa hiyo mfumo umeweka utupu. Weka neno mbadala la asiye na jina, au acha kabisa. Kwa maoni yangu acha. "Habari Juma" inakula herufi kumi na moja, na wanaojaza fomu za kwetu nusu wanaandika "J" au jina la duka.

#50 Mpemba Asilia
Na wengine wamejiandikisha kwa simu ya mkewe. Utamwita Zuhura mzee mzima.

#51 Sultani wa Mabibo
Vipi vikatuni? Naona wengi wanaweka 🐔 mbele.

#52 Binti wa Pangani
Kimoja, mwishoni, kama kina kazi. Ukikiweka mbele, kwenye simu za zamani kinageuka kisanduku na ndicho kitu cha kwanza msomaji anakiona.

#53 Njoro_Nakuru
Wangu mimi huweka 📐 mbele na wazazi wanasema inawasaidia kunitafuta kwenye sanduku. Kila mtu na watu wake.

#54 Mama Vifaranga
Wapendwa, wamekufa watatu, mmoja anakula kidogo. Mtaalamu kaja, kasema niwachanje waliobaki wazima na wa majirani wachanje siku hiyohiyo kwa sababu chupa moja ni ya kuku wengi na haihifadhiki ikishafunguliwa. Tumejikusanya kaya sita. MwanaKuku najiandikishaje kwenye hizo barua zako?

#55 MwanaKuku
Pole mama, na hongera kwa kuwakusanya. Nimekutumia kiungo inboksi. Ukishajiandikisha tafuta barua ya kuthibitisha, ikiwa imeingia kwenye kichupo cha Promotions cha Gmail ihamishie sanduku kuu, maana huko simu yako huenda isikupigie kengele.

#56 Kitonga
Hapo kwenye Promotions ndipo ugomvi wa kweli ulipo, nasema kila siku.

#57 Fundi Barua
Si taka lakini. Ni barua iliyofika, imewekwa chumba kingine. Ukitumia kiolezo chepesi, picha moja, kiungo kimoja, na ukimwomba msomaji akujibu swali dogo kwenye barua ya kwanza, kwa wengine inahama. Kwa wengine haihami hata ufanyeje. Google hawatoi kanuni.

#58 MwanaKuku
Makala ijayo ni ya vifaranga siku za mwanzo. Nimeandaa jozi mbili, safari hii kila kichwa na kionjo chake.

Ya kwanza: *Vifaranga wakijikusanya, wana baridi* / Wakitawanyika pembeni huku wamefungua midomo, punguza moto. Picha za hali zote mbili.

Ya pili: *Vifaranga wako wanakuambia kitu* / Tazama walivyokaa usiku huu kabla hujazima taa.

Tupige kura.

#59 Binti wa Pangani
Ya kwanza.

#60 Mpemba Asilia
Ya pili, na kionjo chake kizuri mno. Nimetamani kwenda bandani na kuku sina.

#61 Hesabu Kali
Kura zetu hazina maana, hakuna hata mmoja kati yetu aliye na vifaranga isipokuwa mama.

#62 Mama Vifaranga
Mimi ya pili ningeifungua. Ila ya kwanza ningemtumia dada yangu.

#63 Kitonga
Hapo sasa hesabuni!

#64 Mbeba Boksi
MwanaKuku, ya kwanza ina herufi ngapi? Kwenye simu yangu naona inaishia "wana ba…"

#65 MwanaKuku
36. Umekuza maandishi ya simu wewe. Ngoja nijitumie kwenye simu ya mama mkwe, ile ndogo, nione inakatia wapi.